Sita Anasita: Kwa Anayeanza Kutafsiri Vichekesho vya Watoto

Ukikabidhiwa kitabu cha vichekesho vya watoto cha Kiingereza, usianze kutafsiri siku hiyo. Kisome chote ukiwa na penseli, na pembeni ya kila kichekesho andika kinachekesha kwa sababu gani. Usiandike maana yake. Andika kinachoamsha kicheko: tukio, tabia ya mtu, neno lenye maana mbili, au maneno mawili yenye sauti moja. Vya tukio havitakusumbua. Mwalimu kauliza, mtoto kajibu upuuzi, basi. Mtoto wa Mafinga atacheka kama mwingine yeyote. Vya neno ndivyo vitakula muda wako, kwa hiyo vihesabu mapema, na mwombe mchapishaji ruhusa ya maandishi ya kubadilisha kichekesho kizima pale neno linapogoma. Ukiomba baada ya kumaliza kazi, utaambiwa umekiuka kitabu.

Tuchukue kimoja kinachojulikana sana. Kwa nini namba sita anamwogopa namba saba? Jibu kwa Kiingereza linataja saba, nane, tisa kwa mfululizo, lakini neno lao la nane linatamkwa sawasawa na neno la "alikula". Kwa hiyo anayehesabu anasema papo hapo kwamba saba alimla tisa. Anayeanza kazi huandika: "Kwa sababu saba alimla tisa." Sentensi ni sahihi kabisa, na mtoto anabaki ameduwaa, maana alichoambiwa ni habari ya mauaji. Wengine huongeza maelezo chini ya ukurasa kwamba kwa Kiingereza maneno hayo yanafanana. Maelezo hayo yanamsaidia mwanafunzi wa chuo. Mtoto wa darasa la tatu hayasomi, na akiyasoma hacheki.

Acha nane na kula. Rudi kwenye namba zetu uzisikilize moja moja kwa sauti. Moja, mbili, tatu... Ukifika sita, simama. Kusita ni kitenzi, na kinamfaa mtu mwenye woga, ambaye tayari yumo kwenye picha ya kitabu akitetemeka. Kichekesho kinajijenga chenyewe:

Kwa nini namba sita hajavuka barabara mpaka sasa?
Kila akitaka kuvuka, anasita.

Angalia neno lilipokaa: mwisho kabisa. Ukiandika "Kwa sababu anasita kuvuka barabara kila anapotaka", umelitoa neno katikati halafu ukaendelea kuongea, na kicheko kimekufa kabla hujafika kwenye nukta. Angalia pia umbo la kitenzi. Viambishi vya Kiswahili vya nafsi na wakati hukaa mbele, kwa hiyo anasita, alisita na atasita vyote vinabeba "sita" nzima, na mkazo unabaki palepale kwenye "si". Lakini kanusha wakati uliopo, upate "hasiti": irabu ya mwisho imegeuka, namba imetoweka. Ukisema "anasitasita" neno bado limo, ila linasikika mara mbili na mtoto haoni tena namba. Kila kitenzi unachotaka kuchezea, kipitishe kwenye maumbo yake yote kwanza ndipo uamue swali liulizwe vipi.

Baki kwanza na picha, kwa sababu picha huwa imeshachorwa na pengine hailipiwi tena. Kama picha inamwonyesha sita akitetemeka na saba akiwa na uma mkononi, sentensi yako mpya itapingana na ule uma. Mwandikie mhariri waziwazi: sita abaki, uma ufutwe, saba awe ng'ambo ya barabara. Akikataa kugusa picha, tafuta kichekesho kingine kinachokubali uma. Usitumaini kwamba watoto hawataona. Picha ndiyo wanayoanza nayo.

Sasa jambo ambalo Kiingereza hakikufundishi: ngeli. Mwenzetu wa Kiingereza akiwa na neno la maana mbili, sentensi yake haimsaliti. Yetu inasaliti. Neno "ndege" ni mfano mzuri, kwa kuwa hakuna mtoto wa Mbeya asiyejua maana zake zote mbili. Ukiuliza "Ndege gani haitagi mayai?", ile "hai-" imeshamwambia kwamba unazungumzia chombo. Ukiuliza "Ndege gani hatagi mayai?", umemdanganya vizuri, lakini jibu likija "ndege ya abiria", mtoto mwerevu atakwambia umekosea Kiswahili, na atakuwa na haki. Wapo wanaosema kichekesho hakina sarufi. Kwa kitabu kitakachosomwa darasani, mimi sikubaliani nao.

Njia ni kuunda swali lisiloonyesha ngeli. "Gani" haibadiliki kwa ngeli, kwa hiyo ni rafiki yako. "Yupi" na "ipi" ni wachongezi. Kiambishi "hu-" cha mazoea nacho hakibebi ngeli ya mtenda. Kitenzi kinachoanza na "ku-" vilevile kinanyamaza. Kwa zana hizo unapata:

Ndege gani humeza watu wakiwa hai, kisha huwatapika mji mwingine?
Ile inayotua Songwe.

Swali halionyeshi ngeli ya ndege popote. Mtoto anawaza domo la ndege mkubwa wa kutisha, na "ile inayotua" ndiyo inayomfungua macho. Ngeli iliyofichwa kwenye swali imetokea kwenye jibu, na hapo imegeuka kuwa sehemu ya utamu. Tulianza na swali jingine, "Ndege gani huruka bila kupigapiga mabawa?", lakini lilikuwa na kasoro ya hapahapa nyumbani: mtoto aliyezoea kuchunga atajibu "mwewe", na amejibu sawa.

Yapo maneno ambayo hayakupi shida hii, kwa kuwa maana zote mbili ziko ngeli moja. Mto wa maji na mto wa kulalia wote ni mto huu, mito hii. "Mto gani hauna samaki hata mmoja?" linapita bila hila yoyote. Weka daftari la maneno ya namna hii, na pembeni ya kila neno andika ngeli ya kila maana. Andika pia kama watoto wako wanazijua maana zote. "Mbuzi" ya kukunia nazi ni mali safi kwa mtoto wa Tanga. Huku kwetu nyanda za juu ambako mnazi hauoti, wengi wanamjua mbuzi mmoja tu, yule anayelia. "Shuka" ni neno bora zaidi: kila mtoto anajifunika shuka, na kila mtoto amemsikia kondakta wa daladala akisema "shuka".

Jihadhari na maneno yanayofanana kwenye karatasi tu. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa yanaandikwa sawa lakini mkazo ni tofauti, kwa hiyo mwalimu akisoma kwa sauti, ujanja unafichuka. Na usijenge kichekesho juu ya "kula" na "kura". Katika maeneo mengi ya nyanda za juu kuna watoto ambao l na r kwao ni sauti moja kutokana na lugha ya nyumbani. Kwao hakuna maneno mawili ya kugongana, na wenzao wa darasani watacheka matamshi yao badala ya kichekesho chako.

Vitendawili vinahitaji mkono mwingine. Kiingereza huuliza "kitu gani kina hiki lakini hakina kile?" Kitendawili chetu hakiulizi, kinatamka, tena kwa ufupi, mara nyingi vipande viwili vinavyopimana. Kile chao cha saa kinasema ina uso na mikono lakini haiwezi kupiga makofi. Baadhi yetu husema mikono ya saa, lakini darasani kinachosikika zaidi ni mshale wa saa na mshale wa dakika. Basi mshale ndio wa kushika:

Mishale ipo, upinde haupo.

Jibu, saa. Maneno manne, na hakuna anayehitaji kujua kwamba zamani kulikuwa na mikono. Cha kiazi chenye macho yasiyoona kinavuka karibu kama kilivyo, kwa sababu macho ya kiazi ni neno la kila siku kwa mkulima wa Uyole au Njombe: "Macho mwili mzima, njia haioni." Cha mahindi kinakwama, maana Kiingereza kinalipa hindi masikio. Sisi tunalipa ndevu, kwa hiyo: "Yuko mgongoni kwa mama, ndevu zimeota." Na usisahau kuacha nafasi ya "Kitendawili!" na "Tega!" mwanzoni mwa sura, pamoja na "Nipe mji" kwa anayeshindwa. Watoto watajazia Makambako au Tukuyu wenyewe.

Vile vichekesho vya kugonga mlango, ambavyo watafsiri wengi huviruka, ndivyo rahisi kuliko vyote. Tuna hodi, na tuna "nani" inayofuata jina. Jina la chao usilibakize. Tafuta jina letu ambalo ni mwanzo wa neno lingine:

Hodi hodi!
Nani?
Juma.
Juma nani?
Jumapili! Mbona umevaa sare za shule?

Ukimaliza sura, isome kwa sauti mbele ya watoto watano au sita wa darasa la tatu na la nne, bila kuwaonyesha picha na bila kuigiza. Kimya kifupi kisha kicheko ni dalili nzuri, maana neno limegeuka kichwani. Wakicheka kabla hujafika mwisho, swali lako limetoboka, na mara nyingi ngeli ndiyo iliyotoboa. Wakiuliza "ndiyo nini?", tafuta neno moja wasilolijua, katika kile cha namba huwa ni "kusita" lenyewe kwa wale wadogo zaidi. Usilifafanue ndani ya jibu. Liweke mahali pengine kwenye kurasa zinazotangulia, kwa mfano mbuzi aliyesita kuingia kwenye maji, ili wakifika kwa namba sita wawe wameshakutana nalo. Kisha rudi baada ya siku mbili uwaulize wanakumbuka kipi. Kile wanachokusimulia wao kwa maneno yao, nakili walivyokisema. Mara nyingi wamekata neno moja ambalo wewe uliliona la lazima.