Kabla ya kununua kisomaji, pima ukurasa wa kitabu chako kwa rula

Mdogo wangu ameanza mwaka wa kwanza wa udaktari hapa Moshi. Juzi alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya duka mjini.

"Shikamoo dada. Nimeona kile kifaa cha kusomea vitabu, kile cha wino wa kielektroniki. Kimetumika lakini kizima. Nichukue?"

"Marahaba. Usichukue. Rudi nyumbani kwanza, utafute rula."

"Rula ya nini tena, dada?"

Ya kupimia kitabu. Mimi sikupima, na bumu langu la kwanza lilikwenda kwenye kifaa ambacho kwa nusu mwaka kililala mezani. Nilikuwa nimechoka kubeba vitabu kutoka Rau, na masika yalikuwa yameshaniharibia kimoja ndani ya begi. Niliposikia kwamba kisomaji kina uzito mdogo kuliko daftari, kinasomeka juani na kinakaa na chaji wiki nzima na zaidi, nikanunua siku hiyohiyo. Yote hayo yalikuwa kweli. Wino ule hauhitaji umeme kushikilia maneno yaliyopo kwenye kioo, unatumia umeme zaidi pale unapogeuza ukurasa. Ndiyo maana umeme ukikatika kuanzia jioni, hakikusumbui.

Kilichonishinda ni kitabu cha anatomia. Ukurasa wake ulikuwa na upana wa karibu sentimita 21, na nilikuwa nacho kama faili la PDF. Kisomaji changu kilikuwa cha inchi 6, ambacho kioo chake kina upana wa kama sentimita 9. PDF ni kama picha ya ukurasa: haipangi upya maneno ili yatoshe kioo, inaupunguza ukurasa wote kama ulivyo. Gawa 9 kwa 21, unapata chini kidogo ya nusu. Herufi iliyokuwa na kimo cha milimita 2 inabaki chini ya milimita 1. Nikikuza maneno, naona robo ya ukurasa, halafu nasukuma kulia, nasubiri kioo kijichore upya, narudisha kushoto, nasubiri tena. Aya moja ilinichukua muda wa kusoma ukurasa.

Kuna namna ya kulijua hili bila kutumia hata shilingi. Fungua faili lako kwenye kompyuta yoyote, punguza ukubwa mpaka ukurasa uwe na upana wa sentimita 9 kwa rula, kisha jaribu kusoma kurasa tano. Ukiona unasogeza uso kwenye kioo, umeshapata jibu.

Jambo la pili ni rangi. Vitabu vya anatomia kwa mazoea huchora ateri kwa nyekundu, vena kwa bluu na neva kwa njano. Chukua pembetatu iliyo juu ya paja, karibu na kinena. Ukitoka upande wa nje kuja ndani unakutana na neva, halafu ateri, halafu vena, na mpangilio huo utauhitaji siku utakapotafuta vena ya kutoa damu kwa mgonjwa ambaye mkononi haipatikani. Kwenye kisomaji changu vyote vitatu vilikuwa vya kijivu, vimelala bega kwa bega. Nilikariri maelezo bila kuiona picha, na kwenye mtihani wa vitendo nikaelekeza kidole kwenye mrija usio wenyewe. Visomaji vya rangi vipo siku hizi, ila rangi zake zimepauka na picha ya rangi hupoteza makali. Kwa michoro midogo sikushauri.

Sisemi kisomaji ni kibaya. Mwaka wa pili nilipata kitabu cha fiziolojia katika mfumo wa EPUB, na hapo ndipo nilipokipenda. EPUB huyapanga maneno upya kufuata kioo: unachagua ukubwa wa herufi, na mstari unajikunja wenyewe. Kitabu cha maelezo marefu, unachokisoma kuanzia juu kwenda chini, kinakaa vizuri sana humo, na macho yangu yalichoka kidogo kuliko kwenye kioo kinachong'aa. Majedwali mapana tu ndiyo yalikuwa yakivunjika vipandevipande. Kwa hiyo waulize waliokutangulia vitabu vya kozi yako vipo katika mfumo gani. Kama karibu vyote ni PDF, na kwetu ndivyo ilivyokuwa, kisomaji cha inchi 6 kiache.

Kilichonivusha ni kishikwambi cha inchi 10. Kioo cha ukubwa huo kikilazwa kwa upana kina kama sentimita 21, yaani upana wa kitabu chenyewe. Unaona nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja, lakini herufi ni za ukubwa wake halisi na ateri ni nyekundu. Kinachoudhi ni chaji, ambayo kwa kifaa kipya ni ya siku moja ya kusoma, na hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Juani huoni kitu. Na kama laini ya simu imo humohumo, ujumbe wa kundi la darasa utakukatisha kila dakika. Mimi laini niliitoa.

Dukani usikubali kuonyeshwa video. Nenda na faili lako zito kuliko yote kwenye memori kadi, lifungue, kisha uandike namba ya ukurasa wa mbali, tuseme 600, na uhesabu. Vishikwambi vya bei ya chini vyenye ramu ya GB 2 mara nyingi huonyesha ukurasa mweupe kwa sekunde kadhaa kabla picha haijatokea. Ukiwa unatoka kwenye faharasa kwenda kwenye mchoro na kurudi, sekunde hizo zinaumiza. Tafuta GB 4. Halafu bonyeza neno moja kwa muda uone kama linashikika. Lisiposhikika, faili ni kurasa zilizopigwa picha, na hutaweza kutafuta neno ndani yake hata kwenye kifaa cha gharama.

Kitabu cha karatasi bado ningenunua kimoja tu, atlasi ya anatomia. Hiyo huisomi, unaifunua. Unaweka kidole ukurasa huu, kidole kingine ukurasa ule, unalinganisha mkono kwa mbele na kwa nyuma, na hakuna kioo kinachofanya hivyo kwa haraka. Inunue kwa mwanafunzi anayemaliza, na usihangaike kama toleo ni la zamani, maana mifupa haijabadilika. Vitabu vya dawa ni kinyume chake. Dozi na dawa za chaguo la kwanza hubadilika: mwongozo wa taifa wa matibabu wa 2021 ulichukua nafasi ya ule wa 2017, na aliyebaki na nakala ya zamani alikuwa anasoma maelekezo yaliyopitwa. Hivyo viweke kwenye kishikwambi, uvibadilishe toleo jipya likitoka.

Jumamosi mdogo wangu alirudi mjini na memori kadi yake. Kishikwambi cha kwanza kilikaa cheupe mpaka muuzaji mwenyewe akasema, "Subiri kidogo, mdogo wangu." Cha pili kilifungua ukurasa wa 600 papo hapo, akakichukua. Atlasi ameipata kwa mwanafunzi wa mwaka wa tano, jalada limeachia lakini kurasa zote zimo. Hiyo inabaki chumbani, haitoki na mvua hizi.