Gunia lililooza ni la nani?

Swali la wiki: "Wafanyabiashara wadogo wakinunua mzigo kwa pamoja, bei hushuka kweli?"

Hushuka, na pale sokoni Kongowea, Mombasa, halina ubishi. Linaloniuma mimi ni jambo ambalo watu hawaliulizi kabla ya pesa kutumwa: mzigo ukifika umeoza, gunia bovu litakuwa la nani?

Mimi nauza viazi, na wateja wangu wengi ni wakaangaji wa viazi karai na bhajia wa Kisauni. Mwaka mmoja wa mvua nyingi tulichanga watu wanne, tukaagiza kanta ya viazi aina ya shangi kutoka Nyandarua, magunia 60 ya kilo 50. Shambani gunia lilikuwa shilingi 1,600. Gari, mahamali na ushuru vikala 800 kwa kila gunia, basi likatufikia kwa 2,400, na siku zile muuzaji wa jumla sokoni alikuwa akiuza 2,800. Bi mkubwa wetu aliagiza 20, mimi na jirani yangu 15 kila mmoja, na dada mmoja mgeni sokoni akaagiza 10, mtaji wake wote.

Viazi vile vilichimbwa udongo ungali tope, vikapakiwa na unyevu wake, vikafunikwa turubai. Shangi haivumilii hayo. Ngozi ikiwa haijakomaa hubanduka ukiisugua kwa kidole gumba, na palipobanduka ndipo uozo unapoingilia. Mkulima mwangalifu hukata majani, akaviacha viazi ardhini kama wiki mbili ngozi ikaze, lakini bei ikipanda huko juu wengi hawasubiri. Kisha joto likavikuta njiani, kutoka Voi kushuka huku kwetu, hewa haipiti. Kanta ilipofunguliwa alfajiri, harufu ilitosha. Magunia ya chini yalikuwa yamelowa, na ukiyawekea kiganja unahisi joto linatoka ndani.

Ya juu yalikuwa mazima, na waliotangulia kufika walishaanza kuhesabiwa yao. Dada yule alikuwa bado kwenye feri ya Likoni. Tukienda kwa mtindo ule, angebakiwa na ya chini, na kati ya 10 yake 9 yalikuwa mabovu. Jirani yangu akasema kila mtu na riziki yake. Bi mkubwa akakataa.

"Hapana, mwanangu. Mzigo ni mmoja mpaka ugawanywe. Mwageni wote."

Tukamwaga, tukachambua hadi adhuhuri. Tukapima kwa mzani, kwa sababu magunia mengine yalishonwa lumbesa na mengine yalipwaya, ingawa kanuni za 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Vizima vikatimia sawa na magunia 51. Tukagawa kwa kadiri ya mchango wa kila mtu: Bi mkubwa 17, mimi na jirani 12 na robo tatu kila mmoja, dada yule 8 na nusu. Badala ya kupoteza 21,600, alipoteza gunia moja na nusu. Mpaka leo anauza pale, meza ya pili kutoka kwangu.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema kwamba muuzaji wa jumla anatunyonya zile 400 kwa kila gunia. Hesabu yenyewe inanirudisha nyuma. Tulitoa 144,000, na ukizigawa kwa magunia 51 mazima, kila moja lilitugharimu zaidi kidogo ya 2,820. Tungenunua pale pale sokoni tungelipa 2,800, tena tukichagua gunia likiwa limefunguliwa mbele ya macho yetu. Katika kanta ya magunia 60, yakioza 8 bado umeokoa kidogo. Likioza la 9 nafuu yote imekwisha. Sehemu ya zile 400, basi, ni malipo ya yeye kubeba uozo.

Kwa hivyo kwa bidhaa kavu kama mchele na maharagwe, changeni bila hofu, mradi mnaaminiana na pesa. Kwa viazi nasema msiagize kutoka mbali, isipokuwa mmekubaliana kabla kwamba mzigo unachambuliwa wote kwanza ndipo ugawanywe, na mmoja wenu yuko shambani kusugua ngozi kabla gunia halijashonwa. Nauli ya huyo nayo iingie kwenye hesabu. Mvua ikinyesha Nyandarua, mimi na wenzangu wale wale tunanunua pamoja hapa hapa Kongowea. Muuzaji akiona magunia 60 yanaondoka kwa mkupuo hushusha bei, si kwa 400, mara nyingi 100 tu, na gunia bovu linabaki kwake.