Soma kibandiko cha saundiba kabla ya kuichomeka

Juma lililopita msomaji mmoja wa hapa Lubumbashi aliniandikia hivi: "Yaya, nimenunua saundiba ya mitumba, ile spika ndefu ya televisheni, katika soko la mtaa wetu wa Kenya, lakini haina chaji. Nyumbani nina chaji ya kompyuta ambayo inaingia vizuri kabisa. Niichomeke?" Nilimjibu papo hapo asiichomeke. Plagi kuingia kwenye tundu hakuthibitishi kwamba umeme unafaa, na mimi nilipoteza saundiba yangu ya kwanza kwa haraka ya namna hiyo hiyo.

Niliinunua tulipokuwa tukijiandaa kwa harusi ya mdogo wangu. Nilitazama jina la kampuni lililobandikwa kwenye wavu wa mbele, nikaridhika, kumbe jina hilo hukaa kwenye spika za aina nyingi zinazouzwa katika nchi zenye umeme tofauti. Namba ya modeli na mahitaji ya umeme huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha chini. Changu kilisema AC 120V~ 60Hz, nami sikukisoma. Umeme wetu ni wa volti 220. Nilipoichomeka ilitoa harufu ya kuungua, ikazimika. Fundi alipoifungua alinionyesha kapasita kubwa iliyovimba, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, ambayo ubavuni ilikuwa imeandikwa 200V, yaani mwisho wa volti inazovumilia, ilhali umeme wa volti 220 ukishapita kwenye dayodi zinazougeuza kuwa wa moja kwa moja hufikia volti 311 hivi. Muuzaji alikataa kunirudishia fedha, akadai kwamba nimeiharibu mwenyewe, na neno hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa alijua mzigo wake ulitoka wapi. Laiti kibandiko kingekuwa kimeandikwa 100-240V~ 50/60Hz, ningehitaji waya wenye plagi ya kwetu ya pini mbili za duara, basi. Saundiba ya volti 120 pekee haiwezi kuishi hapa bila transfoma ya kushusha umeme, tena yenye wati zinazozidi zile za kibandiko.

Nilimwomba msomaji wangu anipigie picha ya kibandiko chake. Kilisomeka DC IN 24V ⎓ 2.5A. Alama hiyo ya mstari mmoja juu ya vipande vitatu inaonyesha umeme wa moja kwa moja, yaani ule unaotoka kwenye adapta, wala si ule wa ukutani. Chaji ya kompyuta yake ilikuwa ya volti 19 na ampea 3.42. Ampea zilizozidi hazina madhara, kwa maana kifaa huchukua kiasi kinachokihitaji tu. Volti ndizo zinazopaswa kulingana. Kwa volti 19 taa ingeweza kuwaka, akafurahi, kisha sauti ikakatika kila alipoiongeza, naye akadhani kwamba spika ni mbovu. Kwa adapta yenye volti zaidi ya 24 angeweza kuiunguza kabisa. Nilimwelekeza atafute adapta ya volti 24 yenye ampea 2.5 au zaidi, na ahakikishe kwamba mchoro wa vitone na duara ulioko kwenye adapta unafanana na ule wa saundiba, kwa sababu ndio unaoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Kuna pia jambo la unene wa pini: plagi yenye tundu la milimita 2.5 huingia kwenye pini ya milimita 2.1, lakini hulegea, na umeme hukatika ukigusa waya.

Ndugu zangu, msilipe kabla ya kugeuza kifaa na kukisoma. Ukikuta nyuma hakuna tundu la umeme, bali vibanio viwili tu, chekundu na cheusi, pamoja na maandishi kama 4Ω, hiyo ni spika isiyo na amplifaya ndani, na hakuna chaji yoyote itakayoifanya ilie. Mulika pia wavu wa mbele kwa tochi ya simu. Ukiona spika ndogondogo tu, na chini ya jina la modeli pametajwa SUBWOOFER, ujue kwamba besi ilikuwa katika sanduku la pili ambalo hujauziwa.

Msomaji wangu alipata adapta siku ya tatu, saundiba ikawaka, lakini ikakaa kimya. Alikuwa ameunganisha waya wa HDMI kwenye tundu la kwanza aliloliona nyuma ya televisheni. Kwa waya wa HDMI, sauti hurudi kutoka televisheni kwa tundu lililoandikwa ARC pekee, na televisheni yake haikuwa nalo. Nilimshauri atumie waya wa OPTICAL, ule unaotoa mwanga mwekundu, kisha katika mipangilio ya sauti achague PCM. Usiku huo alinitumia sauti ya kwaya ya parokia yao, besi ikisikika wazi.