Dakika sita za wakili: andika kwanza, pandisha baadaye

Ukianza kazi katika ofisi ya mawakili inayotoza kwa saa, utaambiwa saa imegawanywa yuniti kumi, kila moja dakika 6. Kwenye taimshiti unaandika 0.1, 0.2 na kuendelea. Wageni wengi huteleza hapo hapo: kazi ya nusu saa wanaiandika 0.30, na mfumo unaisoma 0.3, yaani dakika 18. Nusu saa ni 0.5.

Kugawanya huko ni rahisi. Ugomvi na wateja huletwa na vipande vya yuniti.

Tuseme ada ni shilingi 15,000 kwa saa, hivyo yuniti ni 1,500. Siku moja, kwa shauri lile lile, umesoma barua pepe kwa dakika 2, ukazungumza na mteja kwa simu dakika 8, ukapitia barua ya upande wa pili dakika 3, kisha ukaijibu kwa dakika 7. Jumla ni dakika 20. Ukipandisha kila kazi peke yake hadi yuniti kamili unapata yuniti 1, 2, 1 na 2: jumla 6, shilingi 9,000. Ukijumlisha dakika kwanza na kupandisha mara moja, unapata yuniti 4, shilingi 6,000. Kazi ni ile ile, ila ankara ya kwanza ina dakika 36.

Njia ipi ni halali? Fungua barua ya makubaliano ya ada. Ikisema kila kazi hutozwa angalau yuniti moja, ya kwanza ina msingi, na mteja aliijua kabla ya kusaini. Ikinyamaza, mimi hujumlisha kwa siku na kwa shauri, kwa sababu ndiyo hesabu ninayoweza kuitetea mbele ya mteja. Lakini kujumlisha kusifiche maelezo. Ukiandika "mawasiliano mbalimbali, 0.4" tu, utapigiwa simu. Orodhesha kazi zote nne na dakika zake.

Ndiyo maana taimshiti yako iwe na dakika halisi, na kupandisha kuwe na safu yake. Kwenye Excel, jumla ya dakika za siku kwa shauri moja ikiwa A2:

```
=ROUNDUP(A2/6,0)/10
```

Ukishapandisha, usipandishe tena. Nimeona 0.4 ikigeuzwa 0.5 wakati wa kuandaa ankara "ili iwe namba nzuri". Huo ni muda ambao hakuna aliyeufanyia kazi.

Angalia pia jumla ya siku. Ukiwahudumia wateja wawili dakika 3 kila mmoja, kila mmoja akatozwa yuniti moja, dakika 6 zako zimezaa 12. Ikitokea mara chache, haionekani. Taimshiti ikionyesha saa 11 ilhali ulikaa mezani saa 8, anza kutafuta kwenye vile vipande vifupi vya 0.1, kabla kodi ya VAT haijaongezwa juu yake.