Ukipata tan = 1, usikimbilie kuandika nyuzi 45

Wanafunzi wa kidato cha tano ninaowafundisha tuisheni hulimaliza haraka swali la arctan(1/2) + arctan(1/3). Jibu lao huwa sahihi, ila mstari wa mwisho mara nyingi hauna uthibitisho, nami huukata alama.

Anza kwa kuzipa pembe majina: A = arctan(1/2) na B = arctan(1/3). Kwa hiyo tan A = 1/2 na tan B = 1/3. Ukishafanya hivyo hutashawishika kujumlisha sehemu zenyewe na kuandika arctan(5/6), ambayo ni kama nyuzi 39.8 tu. Sasa tumia kanuni ya tanjenti ya jumla ya pembe mbili:

```
tan(A + B) = (tan A + tan B) / (1 − tan A · tan B)
```

Juu unapata 1/2 + 1/3, yaani 5/6. Chini ni 1 − 1/6, ambayo nayo ni 5/6. Basi tan(A + B) = 1.

Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini. Lakini tanjenti hujirudia kila baada ya nyuzi 180, kwa hiyo nyuzi 225 na −135 nazo zina tanjenti 1. Lazima uonyeshe A + B iko wapi. Sehemu zote mbili ni kubwa kuliko 0 na ndogo kuliko 1, na tan 45° = 1, hivyo A na B kila moja iko kati ya nyuzi 0 na 45. Jumla yao iko kati ya 0 na 90, na humo pembe yenye tanjenti 1 ni moja tu: nyuzi 45, yaani π/4.

Anayeona huo ni usumbufu nampa arctan 2 + arctan 3. Kanuni inatoa 5/(1 − 6) = −1, na kikokotoo kitakwambia −45. Haiwezekani, maana pembe zote mbili ni chanya! Kila moja imezidi nyuzi 45, kwa hiyo jumla iko kati ya 90 na 180: jibu ni 135. Dalili ya kuangalia ni zao la tanjenti mbili chanya. Likizidi 1, jumla ya pembe imevuka nyuzi 90. Likiwa 1 kamili, kama kwa 2 na 1/2, chini inabaki sifuri na jumla ni 90 yenyewe.

Ukitaka kuhakiki jibu la kwanza bila kanuni, chukua karatasi ya grafu. Unganisha O(0, 0), P(2, −1) na Q(3, 1). Mstari OP uko chini ya mhimili wa x kwa pembe A, na OQ uko juu yake kwa pembe B. Kwa Pithagorasi, OP na PQ zote zina urefu √5, na OQ ni √10. Kwa kuwa 5 + 5 = 10, pembe iliyoko P ni mraba, na pande zake mbili ni sawa, hivyo pembe iliyoko O ni nyuzi 45.