Pengo la nishati au mwanya wa nishati?

*Mwalimu, nikieleza elektroni zilizo karibu kuwa huru ndani ya fuwele, niandike "pengo la nishati" au "mwanya wa nishati"? Na wimbi linawezaje "kusimama"?*

Andika pengo. Mtu mwenye mwanya amezaliwa nao, na meno yake yote yapo. Mwenye pengo ana mahali palipotakiwa kuwa na jino. Isitoshe, mwanya hupitisha: mtu akipata mwanya, hupenya. Hapa hakuna kinachopenya. Elektroni iliyo huru kabisa inaweza kuwa na kiasi chochote cha nishati, lakini ndani ya fuwele baadhi ya viwango hivyo havipatikani.

Sababu yake iko katika swali lako la pili, kwa hiyo tuchukue safu moja ya ioni zilizoachana nanometa 0.4. Kila ioni hurudisha nyuma sehemu ndogo ya wimbi la elektroni. Urefu wa wimbi ukiwa nanometa 0.8, mwangwi wa ioni ya pili huwa umesafiri nanometa 0.8 zaidi ya ule wa kwanza, kwenda na kurudi, yaani wimbi zima. Miangwi midogo hiyo yote inaafikiana na kujumlishana. Huo ndio mpaka wa kanda, `k = π/a`, ambapo `a` ni nafasi kati ya ioni na `k` ni 2π ikigawanywa kwa urefu wa wimbi. Mbali na hapo miangwi hupishana na kufutana, na elektroni hupita karibu kama vile ioni hazipo.

Mpakani, basi, wimbi linaloenda na linalorudi yana nguvu sawa, na jumla yao haielekei popote. Ndiyo maana sioni ubaya wa "wimbi lililosimama". Gari likisimama injini ikiwa inanguruma, tunasema limesimama, hatusemi limezimika. "Wimbi tuli" ndilo linalonikera, maana bahari ikiwa tuli haina mawimbi.

Mawimbi hayo mawili yanaweza kujumlishwa kwa namna mbili. Katika `cos(πx/a)` elektroni hurundikana juu ya ioni chanya zinazoivuta, na nishati hushuka. Katika `sin(πx/a)` hurundikana katikati ya ioni, na nishati hupanda. Kwa nafasi yetu ya nanometa 0.4, elektroni huru ingekuwa na elektronivolti 2.35 hivi. Tuseme mvuto wa ioni, ambao ni dhaifu, unashusha hali ya kwanza kwa 0.5 na kupandisha ya pili kwa 0.5: tunapata 1.85 na 2.85. Katikati yake kuna pengo la elektronivolti 1.

Mbishi atasema hakuna jino lililong'oka, kwa kuwa idadi ya hali haikupungua. Zimesukumwa tu juu na chini. Ni kweli, na hapo mwanya unajitetea kidogo. Bado nitaandika pengo, tena "pengo hutokea", si "hufunguka": kinachofunguka ni mlango.