Swali la lugha: "Njia bora huchaguliwa", njia ngapi?

*Ninaandaa kijitabu cha mawasiliano ya dijitali kwa wanafunzi wa diploma. Kwenye sura ya misimbo ya konvolusheni nimeandika: "Katika kila hatua ya mbinu ya Viterbi, njia bora huchaguliwa na nyingine hufutwa." Mwenzangu anataka "nyingine" iwe "zingine", na anasema sentensi yenyewe haieleweki. Nani yuko sahihi? Na mchoro wenyewe niuite trelisi au nitafute jina jingine?*

Kwa sarufi sanifu "nyingine" ni sahihi, katika umoja na katika wingi: njia nyingine imefungwa, njia nyingine zimefungwa. "Zingine" imeenea sana katika mazungumzo na hata magazetini, lakini kitabu cha kufundishia hakina haja ya kuikimbilia. Hata hivyo mwenzako amehisi jambo la kweli. Alitaka wingi uonekane, kwa sababu katika sentensi yako hauonekani popote.

Tazama maneno uliyotumia. "Njia" ni ileile katika umoja na wingi. "Bora" haichukui kiambishi cha ngeli. Kiambishi "hu-" cha mazoea nacho hakiambatani na kiambishi cha ngeli, kwa hiyo "huchaguliwa" haituambii kama ni "inachaguliwa" au "zinachaguliwa". "Nyingine", kama tulivyoona, inabeba yote mawili. Msomaji anabaki hajui kama katika kila hatua inachaguliwa njia moja au zinachaguliwa njia kadhaa. Katika habari ya barabara za mjini pengine angeelewa tu kwa muktadha. Katika mbinu ya Viterbi, ambayo hutafuta ujumbe uliotumwa kutoka kwenye biti zilizoharibiwa na kelele, idadi hiyo ndiyo mbinu yenyewe, na anayesoma kwa umoja atakuwa amejifunza kitu kingine kabisa. Nitaonyesha kwa mfano mdogo ambao unaweza kuutia kijitabuni kama ulivyo.

Chukua kisimbaji, yaani chombo kinachougeuza ujumbe kuwa msimbo, kinachokumbuka biti mbili zilizopita. Biti hizo mbili, ile ya karibuni ikitangulia, ndizo tunazoziita hali, kwa hiyo zipo hali nne: 00, 01, 10 na 11. Kila biti mpya inapoingia, zinatoka biti mbili. Ya kwanza inatazama biti zote tatu, yaani mpya na mbili za kumbukumbu: idadi ya moja ikiwa witiri inatoka 1, ikiwa shufwa inatoka 0. Ya pili inafanya vivyo hivyo kwa biti mpya na ile kongwe tu. Wahandisi huandika msimbo huu (7,5). Jedwali lake lote ni hili. Kushoto kwa mshale ni biti zinazotoka, kulia ni hali inayofuata:

```
hali    ikiingia 0    ikiingia 1
00      00 -> 00      11 -> 10
01      11 -> 00      00 -> 10
10      10 -> 01      01 -> 11
11      01 -> 01      10 -> 11
```

Ujumbe wetu uwe 101. Tunaanzia hali 00, na mwishoni tunaongeza sifuri mbili ili kisimbaji kirudi 00. Fuata jedwali kwa kidole, utapata kwamba kinachotumwa ni 11 10 00 10 11. Kelele za njiani zikageuza biti mbili, ya tatu na ya nane, kipokezi kikapata 11 00 00 11 11.

Sasa kazi ya kisimbuzi ni kutafuta ujumbe ambao msimbo wake unatofautiana na kilichopokewa kwa biti chache kuliko ujumbe mwingine wowote. Idadi hiyo ya tofauti ndiyo umbali. Tunachora ule mchoro wako: hali nne kwa wima, hatua kwa mlalo, na kwenye kila hali tunaandika umbali mdogo kabisa wa kufikia hapo, nukta ikiwa ni hali isiyofikika:

```
hatua   0   1   2   3   4   5
00      0   2   2   2   2   2
01      .   .   1   2   2   .
10      .   0   4   1   .   .
11      .   .   1   2   .   .
```

Hatua ya 1 na ya 2 hazifuti kitu. Kutoka 00 njia zinatawanyika tu, na kufikia hatua ya 2 zipo nne, kila moja katika hali yake. Basi hata neno "kila" katika "katika kila hatua" linadai zaidi ya kinachotokea.

Hatua ya 3 ndipo njia zinapokutana. Tazama hali 10. Njia moja inaifikia kutoka 00 ikiwa na umbali 2; msimbo unadai 11, tumepokea 00, tunaongeza 2, jumla 4. Nyingine inatoka 01 ikiwa na umbali 1. Msimbo unadai 00, tumepokea 00, haiongezeki kitu, jumla 1. Yenye 4 inafutwa, yenye 1 inabaki. Sababu ni kwamba njia mbili zikishafika hali moja kwa wakati mmoja, kuanzia hapo zina mustakabali uleule: biti zozote zitakazofuata zitawaongezea umbali sawa. Iliyotangulia kushindwa haina tena mahali pa kuipata mwenzake. Ndiyo maana inaweza kufutwa bila hofu, na kwa sababu hiyo tu.

Katika hatua hiyo ya 3 njia nane zinafika, mbili kwa kila hali, na nne zinabaki, moja kwa kila hali. Njia zilizo katika hali tofauti hazishindanishwi, hata kama moja ina 1 na nyingine zina 2, kwa kuwa bado mustakabali wao haufanani.

Sasa msomaji aliyeelewa sentensi yako kwa umoja atafanya nini? Kwenye hatua ya 2 atatafuta njia moja bora na kukuta hali 01 na hali 11 zote zina 1. Achukue 11 na kufuta 01, basi ameutupa ujumbe wa kweli. Hata akiendelea kwa uangalifu kutoka hapo, nafuu kabisa atakayoipata ni umbali 3, na ujumbe utakaotoka ni 111. Sare nyingine inamngoja hatua ya 4, ambapo hali 00 na hali 01 zote zina 2. Ni jozi ya mwisho tu, 11, inayoamua: njia iliyo 01 inafika mwisho bila nyongeza, ile ya 00 inaongezewa 2 na kuwa 4. Kisha tunarudi nyuma kutoka mwisho, 00, 01, 10, 01, 10, 00, na kusoma biti zilizosababisha hatua hizo: 1, 0, 1, na zile sifuri mbili za kufungia. Ujumbe umerudi mzima.

Kwa hiyo napendekeza uandike: "Kuanzia pale njia zinapokutana, kila hali inabakiza njia moja tu, ile yenye umbali mdogo kuliko zote zinazoifikia, nyingine zinafutwa. Uamuzi wa njia ipi ni ya ujumbe unangoja hatua ya mwisho." Umeona kwamba nimeiacha "hu-" na kutumia "-na-", ili "inabakiza" na "zinafutwa" zibebe idadi. Nimehamisha pia "kila" kutoka kwenye hatua kwenda kwenye hali. "Hatua" na "hali" nazo hazibadiliki katika wingi, kama "njia", na "kila" siku zote inadai umoja. Ukiiweka mbele ya neno sahihi, hesabu inajitengeneza yenyewe: hali nne, njia nne. Katika msimbo uliotumika kwenye vyombo vya anga vya Voyager, na baadaye katika kiwango cha DVB-S cha televisheni ya setilaiti, kisimbaji kinakumbuka biti sita, hali ni 64, na njia zilizosalia ni 64 kila hatua. Mwanafunzi anayedhani ni moja hataelewa kumbukumbu yote hiyo ndani ya king'amuzi ni ya nini.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza, maana naliona mara nyingi katika miswada ya namna hii. Usiandike kwamba kisimbuzi "kimepata makosa 2". Kilichopata ni umbali 2. Tuseme ule ujumbe wetu 101 umetumwa tena, na safari hii kelele zimegeuza biti tatu mfululizo, ya tano, ya sita na ya saba, tukapokea 11 10 11 00 11. Kutoka kwenye msimbo wa kweli umbali ni 3. Lakini msimbo wa ujumbe 100 ni 11 10 11 00 00, nao uko umbali 2 tu. Kisimbuzi kitatoa 100, na mwisho wa mchoro kitaandika 2, tarakimu ileile kiliyoandika kilipokuwa sahihi. Msimbo huu unatenganisha ujumbe wowote na mwingine kwa biti zisizopungua 5, basi makosa mawili unayahimili na matatu yaliyobanana yanaweza kuupotosha bila dalili yoyote. "Umbali" ni kipimo ambacho kisimbuzi kinakiona. "Makosa" ni tukio la njiani ambalo hakikulishuhudia. Ukiyachanganya maneno hayo, mwanafunzi ataiamini tarakimu ya mwisho kuliko inavyostahili, na hataona kwa nini Voyager na DVB-S ziliongeza msimbo wa pili, wa Reed na Solomon, nje ya huu, wala kwa nini biti hupangwa upya kabla ya kutumwa ili makosa yaliyobanana yatawanyike.

Kuhusu jina la mchoro, andika trelisi. Peter Elias alieleza misimbo ya konvolusheni mwaka 1955 na Andrew Viterbi akatoa mbinu yake mwaka 1967, lakini jina hili lilitolewa baadaye na David Forney. Nimeona wanaopendekeza "wavu" na "kimia". Kasoro ya maneno yote mawili ni kwamba hayana mwelekeo. Wavu unaweza kuusoma kutoka upande wowote, ilhali mchoro huu una mwanzo, una mwisho, na kila safu wima ni wakati mmoja. Itambulishe mara ya kwanza kama "mchoro wa hali uliotandazwa kwa wakati", kisha iite trelisi hadi mwisho wa sura. Iweke katika ngeli ya i-/zi-: trelisi hii, trelisi hizi. Hilo ni neno la nne lisilobadilika katika wingi ndani ya sura moja, basi vitenzi vyake navyo viandike na "i-" au "zi-" waziwazi.